Silinda moja, mbili, V au nne: cc ni zilezile, mbona hisia zinapishana hivi?

#1 Binti Upepo

Salaam wakuu. Jumamosi tulikutana watano kwenye uwanja mpana wa lami tukabadilishana pikipiki mchana kutwa. Kwa bahati zote zina ukubwa unaokaribiana: KTM 690 Duke ya silinda moja (693 cc), Kawasaki Ninja 650 (649) na Yamaha MT-07 (689) zenye silinda mbili sambamba, Suzuki SV650 (645) yenye V, na Honda CB650R (649) yenye silinda nne kwenye mstari mmoja.

Nilitegemea Ninja na MT zifanane kama ndugu wa tumbo moja, maana ukiziangalia silinda zao zimesimama bega kwa bega, zote mbili. Haikuwa hivyo. MT imefanana na SV ya V! Nikiwa gia ya tatu, injini inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika, nikifungua mafuta taratibu, hizo mbili zinavuta kwa mapigo ninayoyasikia nyongani, kama mtu anayetembea akichechemea. Ninja hapo chini inakwaruza kidogo, halafu juu inakuwa laini. Duke chini ya hapo inapigisha cheni mpaka unaona huruma. Honda inanyamaza hadi unavuka 6,000, kisha inakurushia kila kitu.

Swali langu: kama umbo la injini ndilo linaloleta hisia, kwa nini MT imeacha kufanana na Ninja ikafanana na SV? Na kama hisia za V zinapatikana bila V, V inajengwa ya nini?

#2 Gurudumu Mbili

Dada, V ina torki zaidi kwa sababu pistoni zinasukuma kranki kutoka pande mbili, zinasaidiana. Hiyo ni kawaida ya V. MT wameitengeneza kwenye kompyuta ya injini tu, wameongeza mafuta huku chini ili iige. Ukitoa ile programu itakuwa kama Ninja.

#3 Fundi Kranki

Gurudumu Mbili, hapo sikubaliani nawe. Kranki haijui pistoni imetoka upande gani. Torki inatokana na cc, na jinsi valvu na njia za hewa zilivyopangwa. Hizo tatu zenye silinda mbili zina nguvu farasi kati ya 68 na 75 hivi, hazipishani kiasi cha kuleta alichokieleza Binti Upepo.

Jibu liko ndani, kwenye pembe ya kranki. Injini hizi zote ni za mipigo minne, kwa hiyo kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili ya kranki, yaani nyuzi 720. Sasa hesabu nafasi kati ya mwako mmoja na unaofuata.

Duke ina mwako mmoja tu ndani ya nyuzi 720, basi. Honda inawaka kila baada ya nyuzi 180, sawasawa, haikosi. Ninja ina kranki ya nyuzi 180: pistoni moja ikiwa juu, nyingine iko chini. Inawaka moja, nyuzi 180 baadaye inawaka ya pili, halafu kimya cha nyuzi 540. SV ina V ya nyuzi 90 na pistoni zote mbili zimeshika pini moja, kwa hiyo inawaka, inasubiri 270, inawaka, inasubiri 450.

Na MT? Silinda zimesimama sambamba lakini pini za kranki zimepishana nyuzi 270. Inawaka, 270, inawaka, 450. Ni mdundo uleule wa SV, nyuzi kwa nyuzi. Nyonga zako zilihesabu vizuri, dada.

#4 Tairi Jembe

Shukrani kwa uzi. Samahani naingilia. Yangu ni silinda mbili sambamba, 500, kranki 180 kama nilivyomwelewa Fundi. Ina mwezi sasa inatetemeka vibaya kwenye sailensa, yaani ikinguruma imesimama, na kilima inapanda kwa shida. Nilidhani imeharibika, kumbe ndiyo ilivyoundwa, ile 180 na 540? Basi niiache?

#5 Fundi Kranki

Tairi Jembe, usiiache. Mdundo wa 180 na 540 haupunguzi nguvu kilimani. Mdundo uliozaliwa nao haubadiliki mwezi hadi mwezi. Kama hapo awali ilikuwa inapanda na sasa haipandi, kuna kitu. Nadhani silinda moja haiwaki. Kesho asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, subiri dakika moja hivi, kisha nyunyizia matone machache ya maji kwenye kila bomba la eksozi karibu kabisa na hedi. Matone tu, usimwage. Bomba la silinda inayowaka litayakausha papo hapo kwa mlio wa kukaanga. La silinda iliyolala, maji yatateleza tu. Lete majibu hapa.

#6 Mzee wa Spana

Mmenikumbusha mbali vijana. Zile mbili sambamba za zamani hazikuwa 180 wala 270, zilikuwa 360: pistoni zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja, zinawaka kwa zamu kila nyuzi 360. Triumph Speed Twin ya mwaka 1937 ilikuwa hivyo, na Waingereza wengine wakafuata kwa miongo mingi. Mlio wake ulikuwa sawasawa, mtamu, na kabureta moja ilitosha kwa sababu silinda zinavuta hewa kwa nafasi sawa. Lakini pistoni mbili zinazopanda pamoja ni kama pistoni moja nzito. Zilitikisa! Mimi nilikuwa na ya 650, nikawa na kopo la nati mfukoni. Taa ya mbele ilikatika bano lake mara mbili, pale pale, kwenye tundu la boliti.

BMW walipotoa F 800 walirudi kwenye 360, wakaweka konrodi ya tatu isiyo na pistoni, inayosukuma uzito kinyume na zile mbili. Niliifungua moja nikakaa naitazama muda mrefu. F 850 iliyofuata wakaenda 270 kama wengine.

#7 Binti Upepo

Ahsante Fundi, hapo kwenye nafasi za mwako nimeelewa. Lakini nina jambo. Mwenzangu mmoja alisema ni masikio tu yananidanganya, mlio unafanana basi nadhani na hisia zinafanana. Nikavaa vizibo vya masikio, nikarudia MT na Ninja. Mlio ukabaki wa mbali sana, ila tofauti mkononi ikabaki. Na si mapigo peke yake. Kwenye kona, nikiwa nimeinama, nikifungua mafuta kidogo sana, MT ilikuwa kama inafuata kidole changu. Ninja ilikuwa sawa pia, lakini kama kuna kitu laini kati ya mkono na tairi. Hilo nalo ni nafasi za mwako?

#8 Fundi Kranki

Hapo unagusa jambo la pili, na ndilo ninalolipenda zaidi.

Sahau mwako kidogo. Fikiria pistoni zinapanda na kushuka tu. Pistoni ikifika juu inasimama, ikifika chini inasimama, katikati inakimbia. Ili ikimbie lazima ichukue mwendo kutoka kwenye kranki, ikisimama inaurudisha. Kwenye kranki ya 180, pistoni moja iko juu na nyingine chini kwa wakati mmoja, maana yake zote mbili zinasimama pamoja. Mara mbili kila mzunguko. Kranki inakopeshwa mwendo wote, kisha inadaiwa wote. Kwa hiyo haizunguki kwa kasi moja, inaharakisha na kusita, na kadiri unavyoongeza mizunguko ndivyo kusita huko kunavyokuwa na nguvu.

Kwenye 270, moja ikisimama nyingine iko karibu na kasi yake ya juu kabisa. Zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe, kranki inaachwa izunguke kwa utulivu. Kinachofika kwenye tairi ni kile mkono wako umeomba, bila kelele nyingi za pistoni ndani yake. Nadhani hicho ndicho "kitu laini" ulichokisikia kwenye Ninja.

Yamaha walitoa R1 ya mwaka 2009 yenye silinda nne lakini kranki ya msalaba, pini zikipishana nyuzi 90 badala ya 180. Inawaka kwa 270, 180, 90, 180. Sababu waliyoieleza ni hiyohiyo: kuondoa torki ya pistoni ibaki torki ya mwako.

#9 Gurudumu Mbili

Sawa mkuu, nimekubali ile ya kompyuta haikuwa sahihi. Basi 270 ndiyo injini iliyosawazika kabisa, haina mtetemo, mjadala umeisha. Wengine wote waige.

#10 Fundi Kranki

Ungepunguza hilo "kabisa", ndugu yangu. Umepata nusu.

Pistoni inatikisa injini kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile unayoitegemea, mara moja kila mzunguko. Ya pili inatokea mara mbili kila mzunguko, na inaletwa na konrodi kuinama. Chukua mfano wa pistoni yenye safari ya milimita 68 na konrodi ya milimita 120. Zungusha kranki robo ya kwanza kutoka juu. Ungedhani pistoni imeshuka nusu, 34. Haijashuka 34, imeshuka karibu 39, kwa sababu konrodi nayo imelala na kuivuta chini zaidi. Robo ya pili inamalizia 29 tu. Kwa hiyo nusu ya juu pistoni inakimbia zaidi kuliko nusu ya chini, na tofauti hiyo ndiyo mtetemo wa pili.

Sasa: kranki ya 180 inafuta ule wa kwanza (moja inapanda nyingine inashuka), ila wa pili unajumlishwa. Na kwa kuwa pistoni hazipo kwenye mstari mmoja, injini inataka kuyumba kushoto na kulia. Kranki ya 270 inafuta wa pili wote, lakini wa kwanza unabaki, kama mara 1.4 ya pistoni moja, na kuyumba kupo pia. Ndiyo maana ndani ya MT kuna shafti ya kusawazisha inayozunguka kinyume. Bila hiyo shafti usingeipenda.

V ya nyuzi 90 inafuta ule wa kwanza kwa kutumia uzito wa kranki peke yake, bila shafti yoyote. Mtetemo wa pili mdogo unabaki. Hiyo ndiyo sababu ya V kuwepo, Binti Upepo, na si torki.

#11 Mkono wa Kulia

Kwa silinda nne naongea mimi, nimekaa nazo miaka kumi na moja. Watu wanasema nne ni laini. Ni laini kwa macho: kioo cha pembeni hakichezi kama cha silinda moja. Ila kuna kamtetemo kembamba kama nyuki ndani ya usukani. Ya kwangu kanaanza kwenye 5,500 na kuzidi 6,500, na ndio mwendo wangu wa safari. Baada ya saa mbili vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, nikishuka siwezi kufunga zipu ya koti. Nimeweka vipande vizito vya chuma kwenye ncha za usukani, kamepungua, hakajaisha. Nikibadilisha sproketi ya mbele kwa kuongeza jino moja injini ikashuka mizunguko kidogo kwa mwendo uleule, hapo ndipo nilipopata nafuu ya kweli.

Fundi, hako ndiko huo mtetemo wa pili?

#12 Fundi Kranki

Ndiko. Nne za kawaida zinafuta mtetemo wa kwanza kabisa na pia haziyumbi, ila wa pili wa pistoni zote nne unajumlishwa. Kwenye mizunguko 6,000 kranki inazunguka mara 100 kwa sekunde, mtetemo wako unapiga mara 200. Ni mdogo lakini ni wa haraka, ndiyo maana unauma mishipa ya vidole badala ya kutikisa kioo. Silinda moja ni kinyume chake: mtetemo mkubwa, wa polepole, unauona.

#13 Hesabu Kwanza

Naona hakuna aliyejibu kwa nini mtu ajisumbue na silinda nne kabisa. Tuna pikipiki mbili za Binti Upepo, tuzipimie.

Pistoni haiwezi kukimbizwa kwa kasi yoyote, itapasuka au konrodi itakatika. Kwa injini za barabarani za namna hii wastani wa mwendo wake unacheza kwenye mita 20 kwa sekunde hivi. Duke ina safari ya milimita 80 na inatoa nguvu yake ya juu kwenye 8,000: wastani ni mita 21.3 kwa sekunde. Imeshafika. Honda ina safari ya milimita 46 tu, kwenye 12,000 bado iko mita 18.4. Ndiyo maana inaweza kupiga kelele juu kule bila kujiua.

Halafu uso wa pistoni, pale mlipuko unaposukuma. Duke ina kipenyo cha milimita 105, uso mmoja wa sentimita za mraba 86.6. Honda ina 67 lakini ziko nne, jumla 141. Zidisha uso kwa mwendo, linganisha, Honda inazidi mara 1.4. Duke ina nguvu farasi kama 73, mara 1.4 ni 102. Honda wanaitaja kwenye 95 hivi. Haikufika, ila kwa hesabu ya kwenye karatasi imekaribia. Nne ni njia ya kupata uso mkubwa wenye safari fupi ndani ya cc zilezile. Hakuna uchawi.

#14 Mzee wa Spana

Hesabu nzuri kijana, ila umeacha msuguano. Nne zina pete nyingi, beringi nyingi, valvu 16. Ndiyo moja ya sababu hiyo 102 haikufika. Na Duke hiyo ina uzito gani ukiinyanyua? Silinda moja ni nyembamba kama kisu, unaipitisha kati ya magoti huisikii. Kwenye njia ya mawe mimi nachagua moja kila siku.

#15 Hesabu Kwanza

Mzee, nakubali msuguano. Ila nadhani sababu kubwa ni kwamba hiyo Honda wameipanga ivute katikati, hawakuikamua yote. Yamaha R6 ina pistoni nne za kipenyo hichohicho cha 67, cc 599, na inatoa karibu 118 kwenye 14,500. Pete na valvu ni idadi ileile.

#16 Mzee wa Spana

Na muda wa maisha yake je? Tutabishana mpaka kesho.

#17 Nyayo za Udongo

Wakuu, mnazungumzia lami tu. Kwenye utelezi kuna maelezo mengine niliyokua nayo: injini yenye kimya kirefu kati ya mapigo inaipa tairi muda wa kupumzika. Pigo linaiteleza kidogo, kimya kinaiacha ishike tena. Ndiyo maana Africa Twin mpya ya mwaka 2016 iliyokuja na silinda mbili sambamba wakaipa 270, na si 180. Napanda kilima kimoja cha udongo mwekundu kila wiki. Nne inachimba shimo pale pale, silinda moja inapanda kwa kukohoa.

Mwaka 1992 Honda walifanya NSR500 ya mashindano iwashe silinda zake nne karibu karibu, kwa fungu, kisha kimya. Waendeshaji wakasema tairi la nyuma linaeleweka zaidi. Wengine wakaiga upesi.

#18 Fundi Kranki

Hiyo nadharia ya tairi kupumzika naiheshimu lakini siiamini yote. Piga hesabu: kwenye kilima hicho, mizunguko 3,000, kimya cha nyuzi 450 kinadumu sekunde 0.025. Ndani ya muda huo kuna cheni, raba za habu na tairi lenyewe, vyote vinanyumbulika na kulainisha pigo. Mimi naamini zaidi ile ya kranki kuzunguka bila kusita, mkono unajua unachoomba.

#19 Nyayo za Udongo

Fundi, kwenye udongo hatuko kwenye mizunguko mingi ambako pistoni zinaikopesha kranki kwa nguvu. Umesema mwenyewe kwamba kusita kunazidi kadiri mizunguko inavyopanda. Huku chini kwenye 2,000 hiyo torki ya pistoni ni ndogo mno, na bado tofauti ipo. Basi lazima kuna jambo jingine, na sekunde 0.025 kwa kimya cha 3,000 inakuwa karibu 0.04 nikiwa 2,000. Mkono unaisikia hiyo.

#20 Fundi Kranki

Hapo umenibana vizuri. Kwa mizunguko ya chini sina jibu la kukutosheleza. Naweza tu kuongeza flaiwili: silinda moja nyingi zina flaiwili nzito ili zisizime, na uzito huo unazuia tairi kuruka ghafla. Huenda kilima chako kinapandwa na flaiwili, siyo kimya.

#21 Binti Upepo

Nawashukuru, ila bado sehemu ya mwisho ya swali. V inafuta mtetemo bila shafti, mdundo mzuri, nyembamba. Mbona sasa Suzuki yenyewe ilipotoa V-Strom 800 imeweka mbili sambamba za 270?

#22 Mzee wa Spana

Funga kitabu, binti yangu, chukua spana, utaelewa. Fungua hedi ya SV: ziko mbili. Kamshafti nne, cheni za kamshafti mbili, eksozi moja inatoka mbele na nyingine imejificha nyuma karibu na paja lako, inakuchoma. Plagi ya silinda ya mbele ipo nyuma ya rejeta, inapata matope na maji ya gurudumu. Mbili sambamba ina hedi moja, kamshafti mbili, eksozi zote zinatazama mbele. Kupima valvu za V kunakula muda karibu maradufu, nusu ya muda huo ni kutoa vitu vilivyoziba njia.

Na urefu. V ya nyuzi 90 silinda ya mbele imelala kuelekea gurudumu. Injini inakuwa ndefu, lazima uisogeze nyuma. Iliyosimama ni fupi, nafasi inayobaki unarefusha mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, pikipiki inatulia.

#23 Fundi Kranki

Niongezee moja kwa Mzee. Kuna waliobana V ili iwe fupi. Transalp ya zamani ilikuwa na V ya nyuzi 52. Ukibana hivyo, ule usawa wa bure unapotea. Honda wakaurudisha kwa kuzipa pistoni pini mbili zilizopishana nyuzi 76. Kanuni yake ni nyepesi: toa pembe ya V mara mbili kutoka 180. 180 kutoa 104, unabaki na 76. Kwa V ya 90 inatoka sifuri, ndiyo maana pini moja inatosha.

Harley za V ya nyuzi 45 zingehitaji kupishana 90. Hawakufanya, wakabaki na pini moja, inawaka kwa 315 na 405, na mtetemo wote ukaachwa uje. Ule mlio wa kuchechemea na kile kiti kinachotikisika ndivyo watu wanavyovitafuta. Kwenye nyingi wakafunga injini juu ya raba, kwenye nyingine wakaongeza shafti. Kwa hiyo si kila muundo umetokana na hesabu ya mtetemo. Transalp mpya, ya cc 755, nayo imekuja na mbili sambamba, 270.

#24 Gurudumu Mbili

Kwa hiyo MT ni SV iliyosimamishwa wima na kuongezewa shafti. Nimepatia safari hii?

#25 Fundi Kranki

Kwa mdundo na kwa ukopeshanaji wa pistoni, umepatia. Kwa mtetemo, hapana: SV inabaki na kiasi kidogo cha ule wa pili, MT inabaki na kuyumba ambako shafti inakupunguza. Ukizishika zote mbili kwenye 8,000 hazitetemeki sehemu moja. Binti Upepo, ulisikia wapi?

#26 Binti Upepo

SV ni kwenye tangi, magotini, kidogo. MT ni kwenye vikanyagio vya miguu. Sikuwa nimelifikiria hilo hadi umeuliza.

#27 Mkono wa Kulia

Ya kwangu magotini hakuna kitu, vidole ndivyo vinavyolia. Nikipata nafasi nitaijaribu hiyo ya kranki ya msalaba kwa saa mbili nione kama zipu inafungika.

#28 Tairi Jembe

Nimerudi wakuu. Fundi, nimefanya kama ulivyoelekeza, injini baridi, dakika moja, matone. Bomba la kulia yamekauka kabla sijaondoa mkono. La kushoto yameteleza hadi chini yakadondoka. Nikaligusa kwa kidole, uvuguvugu tu.

Nilishawahi kuipeleka gereji kwa tatizo hilohilo, wakabadilisha plagi zote mbili wakaniambia silinda mbili za aina hii ndivyo zinavyotetemeka. Mwezi mzima nimeamini.

#29 Fundi Kranki

Silinda ya kushoto imelala. Umekuwa ukiendesha silinda moja ya cc 250 inayowaka kila nyuzi 720 huku ikivuta pistoni nyingine ya bure. Usiendelee kuiendesha hivyo, mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye eksozi na kuchoma kichujio cha moshi. Kama kila plagi ina koili yake, badilishana koili ya kushoto na ya kulia, usiguse kitu kingine, kisha rudia maji.

#30 Nyayo za Udongo

Tairi Jembe, na kabla ya koili, tazama tundu la plagi kama lina maji. Mimi liliwahi kujaa baada ya kuosha kwa presha.

#31 Tairi Jembe

Tundu lilikuwa kavu. Nimebadilishana koili: sasa kushoto inakausha, kulia maji yanateleza. Tatizo limehama na koili. Nimeazima moja kwa jirani mwenye pikipiki kama yangu, nikaifunga, nikapanda kile kilima gia ya nne bila kushusha. Mtetemo wa kwenye sailensa umepungua sana lakini haujaisha. Kuna kale kamwendo ka mapigo mawili ya haraka kisha kimya. Nilipokuwa nimesimama juu kileleni nikayahesabu. Moja, mbili, kimya. Moja, mbili, kimya.